Sitara ya Neno "Wewe"

Katika vitabu tulivyosomea ushairi, shairi likiisha huja maswali. Kuna swali la bahari, la vina na mizani, la tamathali za usemi, kisha lipo hili moja ambalo wengi wetu hulijibu haraka ili tuendelee na mengine: "Nafsinenewa katika shairi hili ni nani?" Nafsineni ni yule asemaye ndani ya shairi. Nafsinenewa ni yule anayeambiwa, yaani "wewe" wa shairi. Jibu linalotarajiwa ni neno moja au mawili: mpenzi wake, Mwenyezi Mungu, taifa lake. Mwanafunzi akiandika mawili pamoja, anaonekana hajaamua.

Nataka kulitetea jibu la yule asiyeamua. Yapo mashairi ambayo swali hilo halina jibu moja, na sababu yake si kwamba mshairi hakujua anachosema. Shairi lenyewe limejengwa ili "wewe" wake aweze kukaliwa na mpenzi, na Mungu, na nchi, kila mmoja kwa wakati wake. Jambo hili linafanywa kwa mikono kama useremala, kwa hiyo mtu anaweza kuonyesha viungo vyake. Pia lina faida ambayo sikuifahamu darasani, niliifahamu nyumbani kwetu Buyenzi. Nitaanza na viungo, halafu nitafika kwenye faida.

Kiungo cha kwanza ni sarufi ya Kiswahili yenyewe. Tukizungumza habari za kitu, Kiswahili hutulazimisha kukiweka katika ngeli yake. Mpenzi nampenda. Mungu nampenda. Nchi naipenda. Msikilizaji akisikia "naipenda" anajua papo hapo kwamba sizungumzii mtu. Lakini nikigeuka na kukisemesha kile kitu, ngeli inatoweka. Nakupenda wewe mpenzi, nakupenda wewe Mola, nakupenda wewe nchi yangu. Ile "-ku-" haina ngeli. Haina jinsia pia, kwa hiyo haisemi kama anayependwa ni mwanamume au mwanamke. Wala haina daraja la heshima: tunayemwomba mvua na tunayemwomba maji ya kunywa wote tunawaambia "wewe". Sisi tunaosoma Kifaransa shuleni tunaijua tofauti hiyo, kwa kuwa lugha ile ina "wewe" wawili, wa karibu na wa heshima, na mshairi wake lazima achague kabla hajafika mwisho wa mstari wa kwanza. Mshairi wa Kiswahili hachaguzwi. Anaweza kwenda ubeti mzima bila kuulizwa anamwambia nani.

Mlango huu wa sarufi ni mpana, lakini kuna vitu vinavyoufunga. Cha kwanza ni kivumishi. Mtu ni mwema, Mungu ni mwema, nchi ni njema; ukitaka kumsifu "wewe" wako kwa kivumishi, ngeli inarudi kupitia dirishani. Cha pili ni nomino za kuitia. Ukisema "Mola" umemtaja Mungu peke yake. Ukisema "laazizi" umemtaja mpenzi peke yake. Yapo machache yanayosimama katikati, na lililo zuri kuliko yote ni "Bwana", ambalo mwanamke anaweza kumwitia mumewe na mwumini akamwitia Mungu wake. Cha tatu ni majina ya hisia. "Mahaba" yanakwenda chumbani, "upendo" unakwenda kanisani, "uzalendo" unakwenda uwanjani siku ya uhuru. Kitenzi "kupenda" ndicho kisichokwenda popote, kinabaki pale ulipokiweka. Kwa sababu hiyo anayetaka "wewe" mwenye nyuso tatu huandika kwa vitenzi na viambishi, akawa bahili wa vivumishi na wa majina.

Sasa nitoe mfano. Sitaki kutumia shairi la mtu mwingine, kwa sababu nia ya mshairi mwingine siijui, na mkinibishia sitakuwa na la kusema. Nitatumia ubeti wangu mwenyewe, niliouandika kwa ajili ya usiku wa mashairi wa wanafunzi wa Kiswahili chuoni kwetu. Ni tarbia ya kawaida, mizani nane kwa nane:

Usiku nikiamka, jina naliita lako,
Popote nilipofika, hapana mfano wako,
Mlango umefungika, nami ningali wa kwako,
Siku ukinikumbuka, nipokee niwe wako.

Si ubeti mkubwa. Vina vyake ni vya kawaida na katika mshororo wa kwanza nimeboronga sarufi ili "lako" likae mwisho. Lakini kabla ya usiku ule niliwasomea watu watatu wa mtaani kwetu, mmoja mmoja, na kila mmoja alinijibu kana kwamba hakuna shaka yoyote kuhusu anayeambiwa.

Dada yangu alicheka. Aliniuliza ni nani, anasoma mwaka wa ngapi, na kwa nini amenifungia mlango. Ustadhi aliyenifundisha Kurani nikiwa mdogo alitikisa kichwa akasema ni munajati, maombi ya mtu aliyeamka usiku wa manane wenzake wakiwa wamelala. Baba mdogo, ambaye aliishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, mkoa wa Kigoma, na kurudi Burundi mwaka 2012 kambi ile ilipofungwa, alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Habari za mlango nani alikuhadithia?" Sikuwa nimehadithiwa. Alikuwa amesikia mpaka.

Haitoshi kusema kila mtu alisikia la kwake, tukaishia hapo. Hiyo ni hukumu ya uvivu, na kwa hukumu hiyo hata bei za soko zingekuwa shairi. Tupite mshororo kwa mshororo tuone kila usomaji unapata nini na unalipa nini.

Mshororo wa kwanza haumsumbui yeyote. Mwenye kupenda huamka usiku, mwenye kuswali tahajudi huamka usiku, mkimbizi huamka usiku. Kinachobadilika ni maana ya kuita jina. Kwa dada yangu, jina linaitwa kwa hamu na mwenye jina hasikii. Kwa ustadhi, jina linaitwa kwa ibada na mwenye jina anasikia. Kwa baba mdogo, jina la nchi kulitaja usiku ni kujikumbusha kwamba mtu anatoka mahali fulani. Sauti ni moja, lakini aliye upande wa pili anasikia, hasikii, au hana masikio kabisa.

Mshororo wa pili ndio ulionifundisha zaidi. "Hapana mfano wako." Akiambiwa mpenzi, hiyo ni chuku, tunajua kwamba wapo wengine mfano wake, na yeye anajua, na utamu wa maneno uko katika kujua huko. Akiambiwa Mungu, hakuna chuku hata kidogo. Ni itikadi, na kama alivyosema ustadhi, "Hiyo si sifa mwanangu, hiyo ni tauhidi." Ikiambiwa nchi, maneno yaleyale si chuku wala si itikadi. Ni ripoti ya mtu aliyefika kwingine akapima: hewa ya kwingine, maharage ya kwingine, namna ya kusalimiana ya kwingine. Tazameni basi. Maneno matatu, hayakuguswa, lakini yanaaminiwa kwa nguvu tatu tofauti. Mmoja anayasikia kama mchezo, wa pili kama kweli isiyopingika, wa tatu kama ushahidi. Hapo ndipo niliposadiki kwamba kubadilisha nafsinenewa si kubadilisha picha ya mtu ukutani. Ni kubadilisha aina ya tamko lenyewe.

Mshororo wa tatu unasimama juu ya kitenzi kimoja. Niliandika "umefungika", sikuandika "umefungwa". Ukisema mlango umefungwa, kauli ya kutendwa inauliza: na nani? Yupo mfungaji nyuma ya mlango. Ukisema umefungika, hali ndiyo inayosemwa na mfungaji hatajwi. Hapa ustadhi alinisimamisha. "Mlango wa Mola haufungwi," alisema, maana katika mafundisho yetu mlango wa toba uko wazi mpaka jua litakapochomoza magharibi. Nikamwambia, "Ndiyo maana sikusema umefungwa, ustadhi. Umefungika." Alifikiri kidogo akasema, "Basi umefungika kwako." Yaani kufungika ni hali aionayo mja kutoka upande wake, dhambi zake zikiwa mbele ya macho. Usomaji wa Mungu ulilipa gharama hapo, na kwa gharama hiyo ukapata maana ya ndani kuliko ile ya mwanzo. Baba mdogo naye alilipenda neno hilo kwa sababu nyingine. Kuhusu vita, alisema, kila mtu ana mfungaji wake wa kumtaja, na majina hayo yakitajwa mazungumzo yanakwisha. Neno "umefungika" lilimruhusu kusema kwamba hakuweza kurudi bila kuingia katika kesi ya nani alimzuia.

Mshororo wa nne unamdai kila mtu. Mpenzi anaweza kukumbuka, hana tabu. Mungu hasahau, kwa hiyo "siku ukinikumbuka" inakwama. Lakini Kurani yenyewe inasema juu ya Mungu kumkumbuka anayemkumbuka, na kukumbuka huko ni rehema, si kurudiwa na fahamu. Nchi ndiyo yenye gharama kubwa. Nchi haina kumbukumbu. Wanaokumbuka ni watu waliomo: jirani aliyebaki, ofisi ya tarafa, ndugu anayelima shamba uliloliacha. "Nipokee niwe wako" ikisomwa hivyo haiwi tena maneno matamu. Mtu anaomba apokewe na wale watakaolazimika kusogea ili yeye apate mahali pa kukaa.

Kutokana na zoezi hilo nimejitengenezea kipimo, nanyi mnaweza kukijaribu. Chukua kila nafsinenewa unayemdhania, mpitishe katika kila mshororo. Asome wote, asichague ule unaompendeza tu. Kila usomaji utakuwa na mshororo unaougharimu. Ukilipa gharama hiyo ukapata maana mpya, usomaji huo ni halali. Ukilazimika kujifanya huoni neno lililoandikwa, usomaji huo ni wako, si wa shairi. Kwa mfano, nilijaribu kumweka marehemu kama nafsinenewa wa ubeti wangu. Mishororo mitatu inamkubali vizuri sana, lakini "siku ukinikumbuka, nipokee" inamfanya msemaji aombe kufa. Hakuna neno jingine katika ubeti linaloelekea huko, kwa hiyo nikamwondoa.

Kipimo cha pili ni cha upande wa mshairi. Neno "usiku" lina mizani tatu. Bahati iliyoje, "mpenzi" lina mizani tatu, "Ilahi" lina mizani tatu, na "Burundi" lina mizani tatu. Ningeweza kuandika "Mpenzi nikiamka", au "Ilahi nikiamka", au "Burundi nikiamka", na arudhi isingelalamika hata kidogo. Kila badiliko lingezima taa katika vyumba viwili na kuacha moja inawaka. Vivyo hivyo "mlango" ungeweza kuwa "mpaka" bila kuvunja mizani, na ubeti ungekuwa wa nchi peke yake toka mshororo wa tatu hata mwisho. Kwa hiyo utata wa ubeti haukutokana na uchache wa nafasi. Nafasi ya jina ilikuwepo, na jina halikuwekwa.

Tusidhani kwamba kuweka jina ni udhaifu. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe aliandika shairi linaloitwa "Amina", na Amina ndilo jina la mkewe. Hakuna anayeuliza nafsinenewa ni nani. Kumwambia marehemu kwa jina lake ndiyo kazi yote ya shairi hilo. Likiondolewa jina, huzuni ingekuwa ya mtu yeyote, na yeye aliyefiwa hakufiwa na mtu yeyote. Mshairi wa Al-Inkishafi naye anaweka wazi anayemsemesha: ni moyo wake mwenyewe. Nafsinenewa akitajwa hivyo, shairi linapata ukali. Asipotajwa, linapata upana. Mshairi anauza kimoja ili anunue kingine.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo darasani huwa tunayachanganya, yaani fumbo na utata. Fumbo lina ufunguo. Wahenga walisema fumbo mfumbe mjinga, mwerevu ataligangua. Maana yake kuna kitu ndani cha kugangua, na kikishaganguliwa kazi imekwisha. Abdilatif Abdalla alifungwa nchini Kenya tangu 1969 hadi 1972, na mashairi aliyoyatunga gerezani yakatoka mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Humo mna majibizano ya watu wawili wanaogombea mnazi. Wasomaji wengi wameelewa kwamba ugomvi huo ni juu ya nchi na matunda ya uhuru wake. Msomaji akishaelewa hivyo, mnazi unabaki kuwa chombo, hakuna anayerudi kuuhesabia nazi. Mtu aliye kizuizini anahitaji kifuniko cha namna hiyo, chenye sura moja kwa askari na sura nyingine kwa msomaji. Utata ninaouzungumzia mimi hauna sura ya uongo na sura ya kweli. Dada yangu hakudanganywa na ubeti. Mpenzi aliyemwona yumo, sawasawa na Mungu wa ustadhi na nchi ya baba mdogo. Hakuna mjinga wala mwerevu kati yao.

Nirudi sasa kwenye usiku wa mashairi, maana huko ndiko nilikolazimika kuamua. Fomu ya kujiandikisha ilikuwa na sehemu ya mada: mapenzi, dini, uzalendo, chagua moja. Ratiba ilipangwa kwa mada hizo. Nilimweleza baba mdogo kwamba naelekea kuchagua uzalendo, na pengine niubadilishe "mlango" uwe "mpaka", ili ubeti wake uwe wake kweli. Nilidhani namfanyia heshima.

"Usifanye hivyo," alisema. "Ukiandika mpaka, sitakuja."

Nilimwuliza sababu. Aliniambia kwamba ukumbini watakuwapo watu waliobaki na watu waliokimbia, na watoto wa hawa na wa wale. Burundi, waliorudi kutoka kambini wengi walikuta mashamba yao yanalimwa na wengine, na kesi za mashamba hayo zimeingia katika familia nyingi, ya kwetu ikiwemo. Shairi likisema mpaka, kila mtu ukumbini atageuza shingo kutafuta nani anaambiwa na nani anasemewa. "Watanitazama mimi," alisema. "Likisema mlango, nitasikiliza kama wengine, na nitakachokisikia ni changu."

Tangu hapo natumia neno "sitara" kwa ajili ya "wewe" asiyetajwa. Vitabu vinatuambia kwamba utata unatajirisha shairi, na ni kweli, lakini baba mdogo hakuwa akizungumzia utajiri. Alikuwa akizungumzia kivuli cha kukaa ndani yake mbele za watu. Shairi linalosomwa ukumbini ni jambo la hadhara, na machungu ya mtu ni jambo la faragha. Nafsinenewa asiye na jina ndiye anayeruhusu viwili hivyo kukaa pamoja. Watu mia wanasikia "wewe" mmoja kwa pamoja, na kila mmoja anabaki na wake bila kuulizwa.

Mfano wa kinyume chake tunaufahamu sote, nao ni taarabu. Wimbo wa taarabu mara nyingi humwambia "wewe" asiyetajwa, lakini katika sherehe mwanamke anaweza kusimama na noti mkononi, akaenda mbele kumtunza mwimbaji, na kwa jicho au kwa mkono akauelekeza mshororo kwa jirani yake aliyeketi. Tangu dakika hiyo "wewe" ana jina, na ukumbi mzima unalijua. Hakuna neno la wimbo lililobadilika. Msikilizaji ndiye aliyejaza nafasi iliyoachwa, tena kwa hadhara. Kwa hiyo nafasi ileile inayomsitiri mmoja inaweza kutumiwa kumvua sitara mwingine. Mshairi huiacha wazi, hana mamlaka juu ya atakayeingia.

Na ipo mipaka mingine ya jambo hili, isije ikadhaniwa kwamba nasifu kila "wewe" asiyejulikana. Kuna "wewe" ambao ni watupu. Mshairi ameandika "wewe ni nuru yangu, wewe ni maisha yangu", na kweli panafaa mpenzi, Mungu, nchi, hata timu ya mpira, kwa sababu hakuna mshororo unaomdai yeyote kati yao. Dalili yake ni hiyo: mpitishe nani umtakaye, hakuna anayelipa chochote, na hakuna mstari unaobadilika uzito. Utata wenye kazi unagusa jambo linalomhusu kila mmoja kwa namna yake, kama mlango, kama kukumbukwa, kama kupokewa.

Mpaka wa pili ni mzito zaidi. Kuna maneno ambayo hayafai kusemwa kwa sitara. Kama nia yangu ingekuwa kusema kwamba shamba la babu yetu linalimwa na mtu asiye na haki nalo, basi kumficha mtu huyo ndani ya "wewe" anayeweza kuwa mpenzi wangu ungekuwa woga. Anayedai shamba anahitaji mawe ya mpaka na mashahidi wenye majina. Baba mdogo mwenyewe anapokwenda kwenye kesi hasemi mlango umefungika. Anasema nani, lini, na kutoka mti upi mpaka mfereji upi. Anajua lugha zote mbili, na anajua kila moja mahali pake.

Katika fomu niliacha sehemu ya mada wazi. Waandaaji wakauweka ubeti wangu na mashairi yake kwenye mapenzi, nadhani kwa sababu ya "niwe wako". Niliposoma mshororo wa tatu wasichana wa mwaka wa pili walipiga vigelegele, mtu mmoja nyuma akapaza sauti kwamba nifunguliwe, na ukumbi ukacheka. Baba mdogo alikuwa safu ya tatu. Alikuwa akitazama mikono yake, na hakuna aliyemtazama.

Mhadhiri wetu wa ushairi aliniuliza baadaye, mbele ya wenzangu, nafsinenewa wa ubeti ule ni nani hasa. Nilimjibu kwamba ukumbini walikuwepo wasiopungua watatu, na kwamba nina ushahidi wa kila mmoja mshororo kwa mshororo. Alisema hilo ni jibu, ila nisilitoe kwenye mtihani bila kuonyesha njia. Njia ndiyo hii niliyoionyesha.